Shajara ya kadi za sataranji: askari watatu kwa wawili, wafalme wakiwa mbali

Jumatatu. Kifurushi kipya

Kadi za mfalme na askari mmoja zimeshazoeleka, vijana wanazijibu bila kufikiri sana. Leo nimeanza kupanga kifurushi kinachofuata, cha wingi wa askari. Kwa atakayeshika kazi hii baada yangu: kadi zetu ni karatasi ngumu yenye ukubwa wa kiganja. Mbele kuna picha ya ubao na swali moja tu, nyuma kuna jibu pamoja na hesabu yake. Zinatumika kwenye kijiwe chetu Magomeni, pale ambapo mchana kutwa watu wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na jioni meza moja inageuka kuwa ya sataranji.

Wingi wa askari ni jambo jepesi kulieleza. Upande mmoja wa ubao mimi nina askari a, b na c, wewe una a na b tu. Huyo mmoja wa ziada hana thamani yoyote mpaka awe askari huru, yaani asiwe na adui mbele yake wala kwenye safu za jirani anayeweza kumzuia au kumla. Vitabu vingi vinaeleza hayo huku wafalme wako katikati ya ubao, kila mmoja akisindikiza askari wake. Mimi nataka kifurushi cha hali nyingine, ile inayowatokea vijana hawa kila siku: ngome zimeshauana, wafalme bado wamejificha upande wa pili, na mtu anatakiwa aamue sasa hivi askari yupi asogee. Hapo hakuna mfalme wa kukusaidia. Unachokuwa nacho ni hesabu ya zamu.

Uandishi wa hatua nimeuacha kama unavyoonekana kwenye simu: K ni mfalme, Q ni malkia, askari hana herufi, x ni kula, na + ni cheki. Vijana wote wanafanya mazoezi kwenye simu, kwa hiyo kubuni herufi zetu wenyewe kungewaongezea kazi bure.

Jumanne usiku. Kadi ya kwanza: nani atangulie

Kadi ya kufungulia nimeifanya ya askari wawili kwa mmoja. Mweupe ana Kg1, a2 na b2. Mweusi ana mfalme kule g7 na askari mmoja a7. Zamu ni ya mweupe. Swali: a4 au b4?

Mchezaji mgeni mara nyingi husogeza a4, kwa sababu anaona askari wa pembeni yuko salama. Mweusi anajibu a5, na hapo hapo askari mmoja ameshawashika wawili. Yule wa b akija b4 analiwa, akibaki nyuma hana kazi. Tuseme mweupe analazimisha:

```
1. a4 a5  2. b4 axb4  3. a5 b3  4. a6 b2  5. a7 b1=Q+
```

Baada ya mweusi kula b4, askari wake amebakiza hatua tatu kufika b1. Wa mweupe aliyeko a4 amebakiza nne kufika a8. Zamu ni ya mweupe, lakini zamu moja haifidii, mweusi ndiye anayefika kwanza. Tena anafika kwa cheki, kwa sababu mfalme mweupe bado yuko g1 na mstari wa kwanza uko wazi. Mfalme akienda g2, malkia anatoa cheki nyingine kutoka b7, kisha anamla askari wa a7. Mtu aliyekuwa na askari wa ziada amepoteza mchezo bila mfalme mweusi kunyanyua mguu.

Jibu ni b4. Askari wa b hana adui kwenye safu yake, kwa hiyo yeye ndiye mgombea wa kuwa huru, na mgombea hutangulia. Kanuni hii si yangu. Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga mwaka 1886, ndiye aliyeipa umaarufu kwa jina hilo la mgombea. José Raúl Capablanca naye alifundisha vivyo hivyo, kwamba askari asiye na mpinzani mbele yake ndiye aongoze. Ukishaweka b4, mweusi akija a5 unaweza kupita b5 na uko huru. Akikaa kimya, unaleta a4, b5, a5, kisha b6, na huyo wa a7 peke yake hana namna ya kuwazuia wawili wanaotembea hivyo.

Kwenye nyuma ya kadi nimeandika kanuni kwa maneno haya: "Tafuta safu ambayo wewe una askari na mwenzako hana. Askari huyo aende kwanza, wa jirani amfuate." Nimeondoa neno "daima" lililokuwa kwenye rasimu. Kadi inayofuata ndiyo sababu.

Alhamisi. Kadi kuu, toleo la kwanza

Sasa tunafika kwenye watatu kwa wawili. Mweupe ana Kh1 na askari a5, b5, c5. Mweusi ana Kf6 na askari a7, b7. Zamu ya mweupe.

Faida mojawapo ya kuchagua hali hii ni kwamba vipande vyote ni saba, na tangu 2018 majedwali ya Syzygy yanajibu kila hali ya vipande saba bila kubahatisha. Ukifungua `syzygy-tables.info` na kuibandika hali yako, inakuambia ni ushindi, sare au kushindwa, kwa kila hatua unayoweza kucheza. Lakini jedwali halikuambii kwa nini, na kadi bila "kwa nini" haina maana kwangu. Kwa hiyo utaratibu wangu ni kuhesabu kwanza kwa mkono, kisha kulinganisha.

Mgombea hapa ni askari wa c. Anatangulia: 1. c6. Mweusi akikataa kumla, hali yake ni mbaya papo hapo. Akisogeza b6, askari wa c anakwenda c7 kisha c8, na mfalme kutoka f6 anakuwa amefika e7 tu. Akisogeza mfalme, cxb7 na malkia anazaliwa b8. Kwa hiyo anakula: 1...bxc6. Na hapa ndipo patamu, kwa sababu mweupe ana njia mbili zinazofanana sana kwa macho.

Nimemwonyesha binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye ndiye mchezaji wangu wa majaribio. Ameangalia ubao kidogo, akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini nisianze na b6?" Tumehesabu pamoja: 1. b6 axb6 2. axb6 Ke7 3. c6 bxc6 4. b7 Kd7 5. b8=Q. Ni kweli, inashinda pia. Hata mweusi akikataa kula kwenye hatua ya tatu na kukimbilia d8, mweupe anakula cxb7, na mfalme hawezi kuingia c7 kwa sababu askari wa b6 anapalinda.

Kadi yenye majibu mawili sahihi inaleta ubishi, na kijiweni ubishi hauishi. Nimeamua kadi ianze hatua moja mbele, baada ya 1. c6 bxc6, ambapo uamuzi ni mmoja tu.

Ijumaa. Kadi kuu, toleo la pili

Hii ndiyo itakayochapwa:

```
8  .  .  .  .  .  .  .  .
7  p  .  .  .  .  .  .  .
6  .  .  p  .  .  k  .  .
5  P  P  .  .  .  .  .  .
4  .  .  .  .  .  .  .  .
3  .  .  .  .  .  .  .  .
2  .  .  .  .  .  .  .  .
1  .  .  .  .  .  .  .  K
   a  b  c  d  e  f  g  h
```

Na kwa wanaotaka kuibandika kwenye simu:

```
8/p7/2p2k2/PP6/8/8/8/7K w - - 0 2
```

Herufi kubwa ni mweupe, ndogo ni mweusi, na kwenye picha hii askari anaonyeshwa kwa P. Zamu ya mweupe. Swali: bxc6 au b6?

Jibu la mkono mwepesi ni 2. bxc6. Askari ameshakuwa huru, yuko mstari wa 6, amebakiza hatua mbili. Lakini mfalme mweusi anakwenda e7, mweupe c7, mfalme d7, na askari amekamatwa mlangoni. Mweusi anamla, kisha anashuka kumfuata askari wa a5. Mfalme mweupe anatembea kutoka h1 na anafika kwa shida mbele ya askari wa a7. Askari wa pembeni hawezi kumtoa mfalme aliyeingia kona, kwa hiyo ni sare. Mchezo uliokuwa umeshashinda umegeuka sare kwa hatua moja iliyoonekana ya kawaida kabisa.

Jibu sahihi ni 2. b6. Mweupe hamli mtu, bali anamtoa kafara askari wa pili. Mweusi akila, 2...axb6, basi 3. a6, na sasa askari huru yuko safu ya a. Mfalme anakwenda e7, a7, mfalme d7, a8 na malkia. Mweusi asipokula, askari wa b6 anakula a7 na anakuwa malkia kwenye hatua inayofuata. Akijaribu a6 ili kumfungia askari wa a5, basi b7 na b8.

Ukiangalia juu juu utasema njia ya pili ni ndefu zaidi, kwa sababu malkia anazaliwa hatua ya tano badala ya nne. Na kwa kweli nusu ya vijana watasema hivyo. Hesabu inayotakiwa si ya hatua za mweupe. Ni ya zamu ambazo mfalme mweusi amepata. Linganisha mahali alipo mfalme pale askari huru anapotokea:

Njia ya kwanza: baada ya 2. bxc6, askari huru yuko c6, mfalme mweusi yuko f6, zamu ya mweusi.

Njia ya pili: baada ya 2. b6 axb6 3. a6, askari huru yuko a6, mfalme mweusi yuko f6 vilevile, zamu ya mweusi.

Mfalme hajasogea hata mraba mmoja, kwa sababu zamu yake aliitumia kula. Askari wangu niliyemtoa kafara amelipia zamu hiyo. Na nilichonunua ni safu mbili: mfalme sasa anatakiwa kukimbia mpaka upande wa a badala ya upande wa c.

Kwa wanaojua kanuni ya boksi ni rahisi zaidi. Chora boksi kutoka kwa askari mpaka mstari wa 8, kisha upana uleule kuelekea kwa mfalme. Askari wa c6 ana boksi la c6, c8, e8, e6. Mfalme wa f6 akiwa na zamu anaingia e6 au e7, yumo ndani, anamkamata. Askari wa a6 ana boksi la a6, a8, c8, c6. Mfalme wa f6 anaishia safu ya e, bado yuko nje ya boksi, na hamkamati tena.

Gharama ya njia ya pili isifichwe. Mweupe anabaki na askari mmoja tu ubaoni, mweusi anabaki na wawili, b6 na c6. Kama hesabu ina kosa, hakuna cha kurudia. Nimeangalia askari hao wa mweusi wakikimbia: 3...c5 4. a7 c4 5. a8=Q c3, na malkia anatoa cheki 6. Qf3+ huku akimtazama askari wa c3 kwenye mstari huohuo. Hatua inayofuata anamla. Wako mbali mno kusumbua.

Jumamosi. Majaribio kijiweni

Nimeweka ubao mezani bila kusema ni hatua ngapi wala nani anashinda. Karibu wote wamekula bxc6, tena haraka, mkono ukiwa umefika kabla ya jicho. Nilipowauliza, fundi viatu, ambaye ni mkali wa drafti mtaa mzima, alinijibu kama mtu anayeshangaa swali: "Sasa ndugu yangu, kipande kinaliwa pale, unakiachaje?"

Ana haki ya kusema hivyo. Kwenye drafti kula ni lazima. Ukiona cha kula unakula, hupewi nafasi ya kuchagua kusogea kwingine. Mtu aliyekulia kwenye mchezo huo anapohamia sataranji anakuja na mkono uliozoea hivyo, na kadi hii inamgusa pale pale: hatua inayoshinda ni ile ya kukiacha kipande kinacholiwa na kupita pembeni.

Lakini drafti hiyohiyo ina mlango wa kuingilia. Hakuna mchezaji wa drafti asiyejua kumlisha mwenzake viwili ili avute vitatu. Wanajua kabisa kwamba kumlazimisha mtu ale ni kumwongoza mahali unapotaka. Kwa hiyo nimebadilisha swali. Badala ya "bxc6 au b6?" nimemuuliza, "Mzee mwenzangu, unaweza kumlisha huyu mweusi ili mfalme wake asitembee?" Akakaa kimya kidogo, akasogeza b6 mwenyewe, na alipoona axb6 akasema, "Aaa, kumbe anakula huku mwenzake anaondoka." Kisha akaanza kuwaelekeza wengine, kwa sauti.

Swali la mbele ya kadi limebadilishwa rasmi. Sasa linasema: "Mweupe ashinde. Mfalme mweusi asipewe zamu ya bure."

Mzee mmoja anayekaa benchi la nyuma, ambaye huwa hachezi ila anaona kila kitu, aliuliza jambo ambalo limenipa kazi ya jioni nzima. Nilipomwamkia shikamoo akaitika marahaba, akasogea kwenye ubao, akamshika mfalme mweusi na kumvuta nyuma mraba mmoja, akamweka g6. "Na akiwa hapa je?"

Jumapili. Swali la mzee: mfalme yuko safu gani

Askari wasibadilike, tumhamishe mfalme mweusi peke yake. Nimekaa na ubao na jedwali, na matokeo yamepangika vizuri kuliko nilivyotegemea. Nazungumzia mfalme akiwa mstari wa 5 au juu yake. Akiwa chini zaidi huwa yuko mbali zaidi, na mambo yanakuwa mepesi.

Mfalme mweusi akiwa safu ya g au h, njia zote mbili zinashinda. Kutoka g6, baada ya 2. bxc6 anafika f7, mweupe c7, anafika e7, na c8 ni malkia. Hapo ningemshauri mtu ale tu. Njia isiyo na kafara ikitosha, ya nini kubaki na askari mmoja?

Akiwa safu ya f au e, ni b6 tu inayoshinda. Hata kutoka e7: 2. b6 axb6 3. a6 Kd7 4. a7 Kc7 5. a8=Q. Mfalme anafika c7, jirani kabisa, lakini c7 haigusani na a8. Amekosa mraba mmoja.

Akiwa d6, d7 au d8, hesabu inapinduka. Sasa 2. b6 axb6 3. a6 inakutana na Kc7, mweupe a7, mfalme b7, na askari wa mwisho anakufa huku mweusi amebaki na wawili wake. Huko ni kushindwa kabisa. Mfalme akiwa d6 afadhali 2. bxc6 Kxc6, kisha mfalme mweupe akimbie: mweusi anamla wa a5, lakini wetu anawahi d2 na c1, na askari wa pembeni hapiti. Sare, na unashukuru.

Kwa hiyo hatua ileile, b6, kwenye safu ya e ni ushindi na kwenye safu ya d, mfalme akiwa d6 au juu yake, ni kipigo. Hapa ndipo neno "wafalme wako mbali" linapopata maana inayopimika. Si mbali kwa macho. Mbali ni nje ya boksi la askari atakayetokea, kwa zamu iliyopo.

Kuna mraba mmoja ulionichekesha. Mfalme akiwa d5, yuko safu ya d, ungetegemea amkamate askari wa a. Lakini 2. b6 axb6 3. a6 inashinda, kwa sababu mraba anaouhitaji kuingia ndani ya boksi ni c6, na c6 amekaa askari wake mwenyewe, yule aliyekula mwanzoni. Inabidi azunguke d6, kisha c7, na malkia ameshazaliwa. Hii nimeiweka kama kadi ya nyongeza bila maelezo mbele, waihangaikie.

Nimechora mfalme mweusi kwa wino wa rangi tofauti kwenye kadi hizi zote, ili jicho lianzie kwake. Askari hawabadiliki kutoka kadi moja hadi nyingine. Anayebadilika ni yeye tu.

Jumanne. Mstari mmoja nyuma

Binti wa kidato cha pili amekuja na ubao wake mwenyewe ameshaupanga. Amewashusha askari wote mstari mmoja: mweupe Kh1, a4 na b4, mweusi a6 na c5, mfalme palepale f6. "Mwalimu, si ni ileile?"

Kwa sura ni ileile. Tumeicheza:

```
2. b5 axb5  3. a5 c4  4. a6 c3  5. a7 c2  6. a8=Q c1=Q+
```

Malkia mweupe anazaliwa kwanza, lakini wa mweusi anazaliwa papo hapo, na kwa cheki, kwa sababu mfalme mweupe yuko h1 na hakuna kitu katikati. Ushindi haupo. Mweusi ana malkia na askari wa b5 juu yake.

Nilimwomba atafute mwenyewe tofauti imetoka wapi. Alianza kwa kusema mweupe amechelewa hatua moja, na ndivyo ilivyo. Askari wa a5 ana hatua tatu hadi a8, wa a6 alikuwa na mbili. Lakini hiyo ni nusu ya hadithi. Askari wa mweusi naye ameanza kutoka c5 badala ya c6, yaani amesogezwa mraba mmoja karibu na lango lake. Mmoja kachelewa, mwingine kawahi. Kushuka mstari mmoja kunakugharimu zamu mbili, si moja. Kwenye kadi kuu, malkia anapozaliwa askari mweusi yuko c4. Hapa yuko c2.

Na kula je? Kwa 2. bxc5, askari wa c5 ana boksi linalofika safu ya f, na mfalme wa f6 tayari yumo ndani. Kwa hiyo hapa mweupe hana mbio za kushinda kwa njia yoyote ya hizo mbili, na inambidi afikirie mfalme wake.

Kadi hii inaingia kwenye kifurushi mara tu baada ya kadi kuu, ikitazamana nayo. Nyuma yake nimeandika maswali mawili ambayo nataka kijana ajiulize kabla ya kumtoa askari kafara, kwa mpangilio huu: mfalme wake anaingia kwenye boksi la askari wangu? Asipoingia, askari waliokula wana hatua ngapi mpaka mwisho, na wakifika mfalme wangu atakuwa kwenye mstari wa cheki? Hilo la mwisho linasahaulika sana. Kwenye kadi ya a4 na b4, na kwenye hii, cheki ya mstari wa kwanza ndiyo iliyomaliza ubishi.

Alhamisi. Kariakoo

Nimepeleka faili kwa mchapaji Kariakoo. Picha za ubao zimetoka safi, ila kwenye sampuli miraba ya rangi ilikuwa mizito kiasi kwamba askari mweusi wa c6 haonekani. Tumepunguza wino. Kadi ya d5 nimeomba ichapwe bila jibu nyuma. Jibu nitakaa nalo mimi, na fundi viatu, ambaye ameshalipata na anakataa kumwambia mtu.

Zilizobaki kwenye meza yangu ni hali za watatu kwa watatu, ambako hakuna wingi ila kuna mpasuko: askari weupe a5, b5, c5 dhidi ya a7, b7, c7, na mweupe anaanza b6. Zile zina vipande vinane, jedwali la saba haliziwezi mpaka kwanza mmoja aliwe, kwa hiyo hesabu yote itakuwa ya mkono. Binti amechukua ubao kwenda nao nyumbani kuzianza, akiwa na maelekezo ya kuandika, kwa kila tawi, mfalme mweusi alipata zamu ngapi.